Uwiano mmoja, majibu mawili: barua kwa bodi ya mitihani iandikweje?

*Shikamoo mwalimu. Nafundisha fedha katika chuo kimoja hapa Tabora. Mtihani wa bodi uliwapa wanafunzi wetu hesabu za kampuni ya kusindika asali: mkopo wa muda mrefu shilingi milioni 60, mtaji wa wenye hisa milioni 90. Wakaambiwa (a) wakokotoe uwiano wa giaringi, alama 4; (b) watoe maoni wakilinganisha na wastani wa sekta wa asilimia 50, alama 6. Kanuni haikutajwa. Wengine wamepata 40, wengine 66.7. Nataka kuiandikia bodi, lakini naogopa nitaonekana nawabeba wanafunzi wangu.*

Marahaba. Kabla ya kuandika, fungua silabasi ya somo na ukurasa wa kanuni uliokuja na karatasi ya mtihani, kama ulikuwepo. Kanuni ikiwa imetajwa hata mahali pamoja tu, rufaa yako imeishia hapo, na ni heri uligundue wewe kabla bodi haijakujibu hivyo. Isipotajwa, una hoja. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha haviweki kanuni ya uwiano huu. Uwiano ambao vimeuwekea kanuni ni faida kwa kila hisa, katika IAS 33. Vitabu vya kufundishia navyo vimegawanyika: vingine hugawa deni kwa mtaji wa wenye hisa, vingine hugawa deni kwa jumla ya deni na hisa. 60 ÷ 90 ni asilimia 66.7, 60 ÷ 150 ni asilimia 40. Wote wawili wako sahihi.

Walimu wengi wakifika hapo huona wameshinda. Mimi naona kasoro kubwa iko kwenye (b). Ule wastani wa asilimia 50 umepatikana kwa kanuni ipi? Kama ni deni kwa hisa, kampuni yenye 66.7 ina deni kubwa kuliko wenzake. Kama ni deni kwa jumla ya deni na hisa, kampuni yenye 40 ina deni dogo. Kampuni ni ileile na hesabu ni zilezile, ila hukumu imegeuka. Mtahiniwa hakuwa na njia ya kujua, na alama 6 zimesimama juu ya jambo ambalo karatasi haikulisema. Msahihishaji mwenye mwongozo unaosema "iko juu ya wastani" atamnyima alama mtu aliyeeleza vizuri kabisa kwamba iko chini.

Kwa hiyo barua isimame juu ya (b). Ipitishe kwa Mkuu wa Chuo (ile K.K. ya kawaida), na kwenye "Yah:" taja somo, namba ya karatasi na namba ya swali. Nukuu swali neno kwa neno, usilifupishe. Kisha kiini chake kiwe hivi:

"Swali halikutaja kanuni, na silabasi haielekezi kanuni moja. Kanuni mbili zinazokubalika zinatoa asilimia 66.7 na asilimia 40. Kwa kuwa msingi wa wastani wa sekta haukuelezwa, majibu hayo yanaleta maoni yanayopingana katika sehemu (b). Naomba bodi ikubali majibu yote mawili katika (a) pale mtahiniwa anapoonyesha kanuni yake, na katika (b) isahihishe maoni kwa kufuata jibu alilopata mwenyewe."

Ambatanisha nakala ya swali, ukurasa wa silabasi, na kurasa za vitabu viwili vinavyotofautiana. Bora viwe vile ambavyo bodi yenyewe huvipendekeza. Usiweke namba za mitihani za wanafunzi wako, wala usitaje wangapi wamefeli. Hapo ndipo barua inapogeuka kuwa ya kuwabeba.

Usiombe swali lifutwe. Likifutwa, aliyelijibu vizuri anapoteza alama 10 sawa na aliyeliacha wazi, na bodi italazimika kupanga upya alama za karatasi nzima. Ombi la kusahihisha kwa kufuata jibu la mtahiniwa ni jepesi kulikubali, maana wasahihishaji wamezoea kufanya hivyo mtahiniwa akikosea tarakimu hatua ya mwanzo.

Kama mizania ile ilikuwa pia na overdrafti ya benki, kuna atakayekushauri uongeze hoja kwamba wengine huihesabu kama deni. Iweke kwa sentensi moja au iache. Ukileta tafsiri nne za swali moja, msomaji ataanza kushuku kwamba unazitafuta.

Fanya haraka, barua ifike kabla wasahihishaji hawajakubaliana mwongozo wao, kwa sababu wakati huo kubadilisha ni suala la kuongeza mstari mmoja. Matokeo yakishatoka, fuata utaratibu wa rufaa wa bodi na muda wake, na ombi lipunguze liwe kupitia upya sehemu (b) peke yake.