Namba iliyokatwa ubaoni usiiache: kutoka picha ya somo la mirathi hadi daftari la Kiarabu

Nyinyi mliofika Cairo mwaka huu kusoma Sharia, mwezi hautaisha kabla simu zenu hazijajaa picha za ubao. Nyingi hazina shida, kwa sababu maneno ya mwalimu wa fikihi au usuli utayakuta kitabuni. Ubao wa mirathi ndio unaosumbua. Pale mwalimu anapiga hesabu mbele yenu: anaandika namba, anaikata, anavuta mshale, anaongeza herufi moja pembeni, kisha kipindi kinaisha na anatoka. Ukiifungua picha usiku unaona vurugu tupu. Basi tuchukue ubao mmoja wa namna hiyo tuusome pamoja.

Suala lenyewe: mwanamke amefariki, ameacha mume, dada watatu wa baba na mama, na dada mmoja wa kwa baba. Jedwali linaanzia kulia. Safu ya kwanza ni warithi, ya pili mafungu yao, ya tatu hisa, ya nne hisa za mwisho. Juu ya safu ya tatu kuna ٦ iliyokatwa, ubavuni mwake ٧, juu yake ٣ ndogo, halafu mshale unaokwenda kushoto hadi ٢١.

Wageni wanaopenda daftari safi huiacha ile 6 kwa kuwa imekatwa. Usifanye hivyo. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili, na asili ya suala inayobeba nusu na theluthi ni 6. Mume apata 3, dada wapata 4, jumla 7. Mafungu yamezidi asili, kwa hiyo suala limeingia auli na asili ikapanda kutoka 6 hadi 7. Kukata kule ndiyo hatua yenyewe ya auli. Ukinakili 7 peke yake, siku ya mtihani utajiuliza imetoka wapi, maana nusu na theluthi mbili hazizai saba. (Imepokewa kwamba auli ya kwanza ilitokea zama za Umar, katika suala la mume na dada wawili. Suala letu ni ndugu yake wa karibu, na ndiyo maana walimu wanalipenda.)

Sasa utajuaje kwamba mwalimu hakukosea tu akakata? Kuna kipimo. Asili 6 hupanda hadi 7, 8, 9 au 10. Asili 12 hupanda hadi 13, 15 au 17. Asili 24 hupanda hadi 27 tu. Asili nyingine haziingii auli. Kwa hiyo ukiona 6 imekatwa ikawekwa 7, andika auli bila wasiwasi. Ukiona 6 imekatwa ikawekwa 12, hiyo si auli: huenda aliongeza mrithi mwenye robo, au alisahihisha hesabu yake. Hapo rudi kwenye safu ya mafungu uangalie.

Ile ٣ ndogo nayo ina kazi. Dada ni watatu, hisa zao ni 4, na 4 haigawanyiki kwa 3 bila kuvunjika. Namba hizo mbili hazina kigawo cha pamoja, yaani kuna tabayuni, hivyo idadi ya dada inachukuliwa nzima na kuzidishwa na asili. Asili ipi? Ile iliyokwisha kupanda: 3 mara 7 ni 21. Mume 9, dada 12, kila mmoja 4. Anayezidisha na 6 anapata 18, na hisa za chini bado zinajumlika 21. Ndiyo njia ya haraka ya kukagua nakala yako: jumlisha safu ya mwisho, na kama haifanani na namba iliyo juu yake, kuna kitu umesoma vibaya pichani.

Tuje kwenye herufi. Vifupisho hutofautiana kwa kila mwalimu, lakini mahali herufi ilipo husaidia sana. Herufi ب ikikaa pembeni ya أخت kwenye safu ya warithi, ni dada wa kwa baba. Herufi hiyohiyo ikikaa kwenye safu ya mafungu, ni baki, yaani anachukua kilichosalia. م nayo ina mtego huo: kwenye safu ya warithi ni dada wa kwa mama, kwenye mafungu ni mahjubu, aliyezuiwa. Katika suala letu م imekaa mbele ya dada wa kwa baba, safu ya mafungu. Amezuiwa kwa sababu dada wa baba na mama wamekwisha kumaliza theluthi mbili, na yeye hana kaka wa kumtia kwenye asaba. Ukiisoma م hiyo kuwa ni «kwa mama», utampa sudusi, na suala zima litapanda hadi 8.

Halafu kuna mwandiko. Sisi wa madrasa tumezoea hati ya naskhi ya msahafu, na hawa huandika rukaa. Nukta mbili zinakuwa kistari, nukta tatu zinakuwa kofia, hivyo ش ya shakika unaweza kuidhania س. Kubwa zaidi ni tarakimu: watu wengi hapa huandika 3 ya mkono yenye bonde moja tu, ikafanana na ٢ ya kitabuni, na 2 yao ni mkunjo mtupu. Kabla ya kunakili, tafuta pichani namba unayoijua kwa hakika, kama tarehe ya siku hiyo au idadi ya dada, uone mkono wa mwalimu wako unavyoichora.

Ukimaliza kusoma, usichore tena jedwali lenye mishale. Kila mshale ugeuze sentensi, kila fungu liandikie sababu yake, na mafungu yaandike kwa maneno. Daftari litakuwa hivi:

```
المسألة: زوج، وثلاث أخوات شقيقات، وأخت لأب.
للزوج النصف؛ لعدم الفرع الوارث.
وللشقيقات الثلثان؛ لتعددهن، وعدم المعصِّب،
وعدم الفرع الوارث والأصل الذكر الوارث.
والأخت لأب محجوبة؛ لاستكمال الشقيقات الثلثين.
أصل المسألة ٦، وعالت إلى ٧: للزوج ٣، وللشقيقات ٤.
بين ٤ و٣ تباين، فنضرب ٣ في ٧، فتصح من ٢١:
للزوج ٩، ولكل شقيقة ٤.
```

Zile sababu zinazoanza na lamu ubaoni hazimo kabisa. Mwalimu alizisema kwa mdomo. Kwa hiyo ziandike pembeni ya daftari wakati anasema, hata kwa Kiswahili, kwa sababu picha haitakupa.

Njia hii inafika hadi suala la maiti mmoja. Mkiingia munasakha, ambapo mrithi anakufa kabla mali haijagawanywa, ubao utakuwa na jedwali la pili lililounganishwa na la kwanza, na mbele ya huyo mrithi kutaandikwa ت, yaani amefariki. Hapo picha moja ya mwisho haitoshi, kwani hisa za jedwali la kwanza zitakuwa zimeandikwa upya. Piga picha ya kwanza kabla ile ت haijaandikwa, ya pili suala la maiti wa pili likiisha, ya tatu safu ya kuunganisha ikikamilika. Usiku huohuo ziandike kama masuala mawili kamili, kila moja na asili yake, ndipo uandike sentensi ya kuyaunganisha.