SSD imejaa gemu: nifute ipi, nihamishe ipi?

"Wakuu, laptopu yangu ina SSD ya GB 512 na zimebaki GB 9 tu. Nina gemu kumi na moja za Steam. Jamaa kaniambia nifute kashe ya sheda nitapata nafasi kibao. Ni kweli? Na nikinunua diski ya nje, naweza kukopi folda ya gemu tu nikaendelea kucheza?"

Mkuu, nimepita huko huko mwaka jana, na laptopu ya ukubwa huo huo. Kwanza, usishangae Windows ikikuonyesha GB 476 badala ya 512. Hujaibiwa. Mwenye kiwanda anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Kashe nilianza nayo mimi pia, nikajuta. Sheda ni viprogramu vidogo vinavyoielekeza kadi ya michoro ichore vipi mwanga, maji, ngozi, moshi. Gemu inakuja nazo zikiwa bado hazijatafsiriwa kwa lugha ya kadi yako, kwa sababu aliyetengeneza hajui una kadi gani wala draiva toleo gani. Kazi hiyo inafanyika kwenye mashine yako, na matokeo yanawekwa kwenye kashe ili yasifanyiwe kazi tena kesho. Kwa wenye kadi za NVIDIA utayakuta hapa:

```
%USERPROFILE%\AppData\LocalLow\NVIDIA\PerDriverVersion\DXCache
%LOCALAPPDATA%\D3DSCache
```

Kwangu folda ya kwanza ilikuwa na GB 6. Nikafuta zote, nikajiona mjanja. Jioni ile ile gemu ikaanza kukwama-kwama: ukigeuka kona mpya, picha inaganda nusu sekunde, adui mpya akitokea, inaganda tena. Ilikuwa inatafsiri upya yote niliyoyatupa. Baada ya wiki folda imerudi GB 4. Yaani nilikopa nafasi nikailipa kwa riba.

Kwa hiyo kashe ifute kwa sababu nyingine, si ya njaa ya nafasi: umebadilisha draiva na gemu inaonyesha rangi za ajabu au inajifunga, au umeshaondoa gemu nyingi na kashe zake zimebaki. Ukibadilisha draiva kashe ya zamani hupoteza kazi hata hivyo, ndiyo maana baada ya apdeti ya draiva gemu huwa nzito siku ya kwanza. Faili zikigoma kufutika, kuna programu inazitumia, ziache.

Sasa swali lenyewe, nini kiondoke. Kila mtu anapanga kwa ukubwa na kuanza na la juu. Mimi napanga kwa gharama ya kulirudisha. Piga hesabu: gemu ya GB 120 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde inachukua saa 26 na zaidi, ikiwa laini haijayumba hata dakika moja. Kwa bando, sitaki hata kuitaja bei. Gemu hiyo hiyo ikitoka kwenye diski ya nje inayosoma MB 100 kwa sekunde, inarudi kwa dakika 20. Kwa hiyo gemu kubwa kwangu haifutwi, inahamishwa. Zinazofutwa kabisa ni zile za GB 5 au 10, ambazo nikizitaka naziacha zishuke usiku mmoja.

Kabla ya kufuta chochote, angalia sevu zako ziko wapi. Gemu nyingi hazihifadhi sevu ndani ya folda yake. Baldur's Gate 3 inaziweka `%LOCALAPPDATA%\Larian Studios`, Red Dead Redemption 2 inaziweka kwenye `Documents\Rockstar Games`. Hizo kwa kawaida hubaki hata ukifuta gemu, lakini nyingine huziweka pale pale zilipo faili za gemu, na hapo zinaondoka zote. Kama kwenye ukurasa wa gemu huoni alama ya Steam Cloud, kopi sevu kwa mkono kwanza.

Diski ya nje sasa. Ichukulie kama ghala, si uwanja wa kuchezea. Baldur's Gate 3 wenyewe wameandika kwamba inahitaji SSD, na ukijaribu kuichezea kwenye diski ya kuzunguka utaelewa kwa nini: unaingia mjini, watu wanatokea mmoja mmoja kama wanaitwa majina. Gemu ya zamani au ndogo itacheza tu huko huko.

Kuhamisha, tumia Steam yenyewe: Settings, halafu Storage, ongeza diski mpya, rudi kwenye C:, weka tiki kwenye gemu, bonyeza Move. Usikate na kubandika kama nilivyofanya mimi. Diski yangu ni ile kubwa yenye waya wake wa umeme. Nimekata folda ya Baldur's Gate 3, nimeibandika, ikafika kama nusu, umeme ukakatika. Laptopu ikaendelea kwa betri, diski ikazima. Nusu ya gemu C:, nusu D:, na Steam bado inaamini yote iko C:.

Nilivyoiokoa ni hivi. Steam inajua gemu kwa kifaili cha `appmanifest` kilichoko kwenye `steamapps`, na ndani yake kuna jina kamili la folda:

```
findstr installdir "C:\Program Files (x86)\Steam\steamapps\appmanifest_1086940.acf"
```

Jibu likaja `Baldurs Gate 3`, bila ile alama ya juu. Nikafunga Steam kabisa, nikaunganisha nusu zote mbili ndani ya `D:\SteamLibrary\steamapps\common\Baldurs Gate 3`, kisha nikahamishia kifaili hicho kwenye `D:\SteamLibrary\steamapps`. Nikaifungua Steam, Properties, Installed Files, nikaiambia ihakiki faili. Ilikagua muda mrefu, ikapakua GB 3 tu: faili lililokatika katikati na vidogo vidogo. Njia hii ndiyo pia ya kuchukua gemu kwa rafiki anayeimiliki kama wewe: weka folda mahali pake kwa jina lake sahihi, bonyeza Install, chagua diski hiyo, Steam itagundua faili zilizopo na kupakua pungufu tu.

Acha nafasi tupu kwenye SSD. Apdeti ya GB 4 inaweza kugusa mafaili makubwa yaliyofungwa pamoja, na Steam huyajenga upya pembeni, kwenye `steamapps\downloading`, kabla ya kubadilisha ya zamani. Ukiona upakuaji umeisha lakini diski bado inahema nusu saa, ndiyo hiyo. Mimi nabakiza GB 60. Kwa GB 9 zako apdeti yoyote nzito itakataa.

Ukinunua diski, ifomati NTFS. Nyingine zinakuja na FAT32, ambayo haibebi faili linalozidi GB 4, na gemu za sasa zimejaa mafaili ya namna hiyo. Halafu fungua `diskmgmt.msc` uipe herufi ya mbali, mimi yangu baadaye niliitoa D: nikaipa G:. Ukiiacha na E:, siku utakayochomeka flashi kwanza, flashi itachukua E:, na Steam itakuonyesha gemu zote za ghalani kana kwamba hujawahi kuziweka. Usibonyeze Install hapo. Chomoa flashi, rudisha herufi, washa Steam upya.