Kilo zangu zilishuka, vidonge vikabaki vilevile

Natumia haidroksiklorokwini mwaka wa tisa sasa, kwa ajili ya lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Wenzangu wengi wanaitumia kwa baridi yabisi, na haya nitakayosema yanawahusu wote kwa sababu dawa ni ileile, inaweza kuharibu macho, na macho ni yaleyale. Sitaongelea kila kitu kuhusu hii dawa, nataka niongelee kosa moja tu nililokaa nalo kama miaka mitatu bila kujua, na mimi ni mtu wa kusoma makaratasi yangu yote ya hospitali, yaani sikuwa mzembe kabisa.

Nilipoanza nilikuwa na kilo 82. Nyingi zilikuwa za dawa nyingine niliyokuwa natumia, prednisoloni, uso umevimba kama maandazi, miguu imejaa. Dokta akaniandikia vidonge viwili vya miligramu 200 kwa siku, jumla 400. Kwa kilo 82 hiyo dozi iko sawa, maana kipimo kinachofuatwa siku hizi ni isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wako halisi kwa siku, na 82 mara 5 ni 410. Niko ndani, safi.

Lupasi ikatulia, prednisoloni ikapunguzwa pole pole mpaka ikaisha, na mwili nao ukaanza kurudi kwenye hali yake. Nikafika kilo 63. Watu wananisifia, na mimi nafurahi, nguo za zamani zinaingia. Cha ajabu hakuna mtu aliyegusa ile dozi, kila nikienda kliniki naulizwa viungo vinaumaje, natolewa damu, naandikiwa upya karatasi ileile ya vidonge viwili, naenda zangu. Uzito walikuwa wanapima mlangoni kila siku, wanaandika kwenye faili, halafu inaishia hapo hapo.

Aliyegundua ni mfamasia mmoja mtu mzima, siku nimeenda kuchukua dawa akaangalia karatasi akaniangalia na mimi, akasema, "Dada, samahani, siku hizi una kilo ngapi?" Nikamwambia 63. Akachukua kikokotoo akagawa 400 kwa 63, ikaja 6.3. Akanigeuzia kile kioo nione mwenyewe. "Mwambie dokta wako akutazame upya hapa, na muulize mara ya mwisho umepimwa macho lini."

Sasa hapa kuna kitu kinawachanganya wengi. Zamani kipimo kilikuwa miligramu 6.5 kwa kilo, lakini kwa uzito unaotakiwa kuwa nao kulingana na urefu, siyo ule wa kwenye mizani. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari wa Macho cha Marekani kilibadilisha, wakasema 5 kwa uzito halisi, baada ya kuona kwamba hesabu hii inatabiri vizuri zaidi nani ataharibika macho. Kwa hiyo ukikutana na mtu anakuambia 6.3 haina shida anaweza kuwa anatumia hesabu ya zamani. Na wanaoumia zaidi na ile tabia ya "kila mtu vidonge viwili" ni watu wembamba. Mtu wa kilo 48 kikomo chake ni miligramu 240 kwa siku, ukimpa 400 umempita mbali sana.

Shida inayofuata ni kwamba vidonge vingi unavyopata ni vya 200. Mimi kikomo changu kikawa 63 mara 5, yaani 315 kwa siku, utakipataje kwenye vidonge vya 200? Nilifikiri kukikata, nikakatazwa, kina ganda lake kwa juu na ndani ni kichungu balaa. Dokta akanionyesha kwamba hii dawa inakaa mwilini muda mrefu, nusu yake inachukua kama siku 40 kutoka, kwa hiyo haijali sana kama leo umemeza viwili na kesho kimoja. Unapiga hesabu ya wiki. Kwangu 315 mara siku 7 ni 2205, gawa kwa 200 unapata vidonge 11 kwa wiki. Basi Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili nameza viwili, siku zingine kimoja, nimeiandika kwa kalamu kwenye boksi la dawa maana kichwa changu hakiaminiki. Nilimuuliza kwa nini asishushe zaidi kabisa ili macho yawe salama, akasema dozi ikiwa ndogo mno lupasi nayo inaamka, hatutafuti dozi ndogo kuliko zote, tunatafuta isiyovuka mstari. Hiyo nilimuelewa.

Tuje kwenye macho. Nilipoulizwa lini nimepimwa nilijibu kwa kujiamini, kila mwaka naenda kupima miwani, nasoma herufi mpaka mstari wa mwisho. Dokta wa macho alicheka kidogo, siyo kwa dharau. Ule ubao wa herufi unapima katikati kabisa ya kuona kwako, na hii dawa inaanza kuharibu pembeni kidogo ya katikati, kwenye pete inayozunguka hapo katikati. Unaweza ukasoma mstari wa mwisho vizuri huku pete imeshaanza kuliwa. Hata akikumulika tochi akatazama nyuma ya jicho, ile alama ya duara inayoonekana kama shabaha inatokea wakati uharibifu umeshaenda mbali, na ulioharibika haurudi. Mbaya zaidi unaweza ukaendelea hata baada ya kuacha dawa. Ndiyo maana hawasubiri uanze kuona vibaya.

Vipimo vyenyewe ni viwili na ni vizuri uvijue ili uviulizie. Cha kwanza ni OCT, unaweka kidevu kwenye mashine unatazama kitaa, inapiga picha inayokata retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa tabaka kama unaangalia keki kwa ubavu, haiumi na inaisha haraka. Cha pili ni kipimo cha uwanja wa kuona, kwenye karatasi kinaandikwa 10-2, na hiki jamani ndicho kinachochosha. Jicho moja linazibwa, unatazama nukta moja ya katikati bila kuhamisha macho, vinuru vidogo vinatokea huku na kule, vingine hafifu mpaka unajiuliza nimeona au nimeota, na kila ukikiona unabonyeza kitufe. Watu wenye asili ya Asia wanatakiwa kupimwa na eneo pana zaidi, 24-2 au 30-2, kwa sababu kwao uharibifu mara nyingi unaanza mbali zaidi na katikati. Kuna na vipimo vingine kama picha ya mwanga wa retina, vinaongezwa pale panapokuwa na wasiwasi.

Sasa mimi siku ya kwanza nilifika nimechoka, usiku viungo viliniamsha, nikakaa kwenye ile mashine nikaanza kusinzia. Majibu yakatoka na madoa meusi karibu na katikati jicho la kushoto. Moyo ulienda miguuni. Nikarudi nyumbani nikaiweka chupa ya dawa kabatini nikasema sigusi tena mpaka nijue.

Hilo ndilo lilikuwa kosa la pili na labda kubwa kuliko la kwanza. Wiki tatu hivi sikuona tofauti yoyote, nikajiona mjanja, kumbe dawa ilikuwa bado imo mwilini inaisha taratibu. Baadaye vidole vikaanza kukakamaa asubuhi, halafu vidonda vya mdomoni ambavyo nilikuwa nimeshavisahau. Kuna utafiti ulifanyika Kanada ukatoka mwaka 1991, walichukua watu wa lupasi waliotulia, wengine wakaendelea na dawa wengine wakabadilishiwa vidonge visivyo na kitu bila kujua, na walioachishwa ugonjwa uliamka mara 2.5 zaidi ya wenzao. Mimi nilijifanyia utafiti wangu mwenyewe, majibu yakawa yaleyale.

Niliporudi kwa dokta wa macho akanionyesha kitu kwenye ile karatasi ambacho sikukiona, pembeni juu kuna namba zinazoonyesha mara ngapi umehamisha jicho na mara ngapi umebonyeza bila kuwepo mwanga, na zangu zilikuwa mbovu, kipimo chenyewe hakiaminiki. OCT ilikuwa safi, haikuonyesha tabaka lolote kukonda mahali pale penye madoa. Akasema vipimo viwili lazima vikubaliane sehemu moja, na doa likitokea linarudiwa kwanza kabla mtu hajaongea habari za kuacha dawa, na uamuzi wa kuacha anakaa na dokta wako wa lupasi wanaamua pamoja na wewe. Nikarudia asubuhi moja nimelala vizuri. Madoa hayakuwepo. Tangu hapo naomba miadi ya asubuhi, na nikijisikia kusinzia nashikilia kitufe, mashine inasimama nikapumua.

Kuhusu lini kuanza: unapimwa macho mwaka wa kwanza ili kujua kama kuna tatizo lingine la zamani kwenye makula, ile sehemu ya katikati ya retina, halafu kila mwaka kuanzia baada ya miaka 5. Kwa dozi isiyozidi 5 kwa kilo hatari ni chini ya asilimia 1 kwa miaka 5 ya kwanza, chini ya asilimia 2 mpaka miaka 10, ila baada ya miaka 20 inapanda mpaka karibu asilimia 20, kwa hiyo mliokaa nayo muda mrefu mkajiona mmeizoea ndio mnaotakiwa msikose. Lakini ile miaka 5 ya kusubiri siyo ya kila mtu. Ukiwa na figo zisizofanya kazi vizuri, dawa inatoka pole pole na inajikusanya, kwa hiyo tazama eGFR, ile namba ya utendaji wa figo, kwenye majibu yako ya damu, ikiwa chini ya 60 mwambie dokta wa macho, maana mimi niligundua hawa madokta wawili hawasomeani mafaili. Ukiwa unatumia tamoksifeni ya saratani ya matiti, vilevile. Na ukiwa umevuka 5 kwa kilo kama mimi nilivyovuka, kupimwa kila mwaka kulitakiwa kuanza mapema, nikasubiri mpaka mwaka wa sita kwa kutojua.

Kwenye simu yangu nina noti moja fupi, nazidi kuiongeza chini kila nikienda kliniki: tarehe, kilo, vidonge kwa wiki, eGFR, OCT na 10-2 zimetoka vipi. Kabla sijakaa kwenye kiti naifungua namwonyesha dokta. Mara ya mwisho ilisema kilo 66, akapiga hesabu, akasema 11 kwa wiki inabaki, tuonane tena.