Mpango wa biashara usubiri, wazo lipimwe kwanza

Vijana wengi hapa Mombasa huniletea mpango wa biashara uliokamilika, kurasa kwa kurasa, na makadirio ya miaka mitano. Mpango hueleza biashara itaendeshwaje. Kama inafaa kuanzishwa au la, hilo ni la upembuzi yakinifu, na huo ndio hutangulia. Kwa biashara ndogo, karatasi moja hutosha.

Mpwa wangu alitaka kuchukua mkopo anunue mashine ya barafu Likoni, awauzie wachuuzi wa samaki. Nikamwambia atafute kwanza kiwango cha chini cha kuuza ili asipate hasara. Kilo moja angeiuza shilingi 15, umeme, maji na mifuko vikila 6, zikabaki 9. Kodi, mshahara na rejesho la mkopo vilifika 135,000 kwa mwezi. Gawa kwa 9: kilo 15,000, yaani 500 kila siku.

Nilimtaka aiandike hesabu hiyo kabla hajaenda kuuliza wateja. Mtu akishalipenda wazo lake, hushusha kiwango mpaka kilingane na alichokikuta.

Huko kwa wachuuzi asiulize "Utanunua kwangu?" Kila mtu atamwitikia kwa kumstahi. Aulize: jana ulinunua kilo ngapi, wapi, kwa bei gani? Jumla ikaja 650.

"Mjomba, si imepita?" akaniuliza.

Ilikuwa msimu wa kaskazi, bahari shwari. Kusi ikivuma, takriban Aprili hadi Septemba, mashua ndogo nyingi haziendi mbali na samaki hupungua. Akarudi akauliza manunuzi ya kusi, akaambiwa 280. Wastani wa mwaka ni 465, tena hao ni wateja wote, na wengine wana muuzaji wao anayewakopesha. Nilimhesabia nusu, kilo 232 hivi, na hata hiyo naona ni ukarimu.

Halafu maji. Kisima cha pale alipotaka kupanga kina chumvi, kwa hiyo angenunua maji ya boza, na gharama ya kilo ingepanda kutoka 6 hadi 7. Shilingi moja tu, lakini faida ya kilo inashuka hadi 8, na kiwango cha chini kinapanda hadi kilo 562 hivi kwa siku. Mambo kama haya huonekana ukifika mahali penyewe ukaonja maji.

Basi mpango haukuandikwa. Pengo ni kilo 330 kwa siku, na lazima lizibwe na wanunuzi wasiotegemea bahari: wauza juisi, hoteli, wapishi wa harusi. Tumekubaliana awatafute hao kwanza, na kwao pia aulize walichonunua wiki iliyopita. Akiwapata, bado miezi ya kusi atauza nusu ya zile 280 na hizo 330, yaani kilo 470 tu kwa siku, chini ya kiwango, kwa hiyo ziada ya kaskazi itabidi iwekwe kando kwa ajili ya rejesho. Hapo ndipo mpango wa biashara utakuwa na kazi, kuonyesha fedha hizo zitatunzwaje mwezi kwa mwezi.