Rangi tatu za utepe, mimweko na manukuu: kutengeneza katuni inayoonekana na watu wote

Utepe wa MUAC ni kipande cha plastiki ambacho mhudumu wa afya ngazi ya jamii huuzungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto mwenye umri wa miezi 6 hadi 59, katikati ya bega na kiwiko, ili kupima kama mtoto ana utapiamlo. Mzingo wa mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 utepe unaonyesha nyekundu, kuanzia 11.5 hadi kabla ya 12.5 unaonyesha njano, na kuanzia 12.5 kwenda juu unaonyesha kijani. Niliwahi kuongoza utengenezaji wa katuni fupi ya kufundisha upimaji huo, iliyokusudiwa kuonyeshwa kwenye televisheni za vyumba vya kusubiria ambazo mara nyingi huzimwa sauti, na kusambazwa kwa simu. Nauchagua mfano huo kwa sababu rangi za utepe hazibadilishiki, mteja alitaka onyo linalomweka, na ujumbe wenyewe ulipaswa kusomeka bila sauti. Mambo hayo matatu hayawezi kurekebishwa vizuri picha zikishakamilika. Yanaamuliwa kwenye mchoro wa mwanzo wenye muda, yaani ile rasimu ya picha chache zilizopangwa kwa sekunde kabla ya kuchora fremu zote.

Nianze na rangi. Mchoraji alileta nyekundu `#C62828` na kijani `#2E7D32`, rangi nzuri kwa macho yangu, na maandishi meupe yalisomeka vizuri juu ya zote mbili. Tatizo lilijitokeza tulipozilinganisha zenyewe kwa zenyewe. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, hupima tofauti ya mng'ao kwa uwiano unaoanzia 1:1, ambapo hakuna tofauti yoyote, hadi 21:1, ambao ni nyeusi juu ya nyeupe. Kwa maandishi ya kawaida unadai angalau 4.5:1, na kwa maandishi makubwa au sehemu za picha zinazobeba maana unadai 3:1. Nyekundu na kijani zetu zilikuwa na uwiano wa 1.1:1 tu. Maana yake ni kwamba ukiondoa tofauti ya rangi, ukabaki na mwanga na giza peke yake, sehemu hizo mbili zinakuwa karibu kitu kimoja. Mtu ambaye macho yake hayatenganishi nyekundu na kijani, na huo ndio upofu wa rangi unaopatikana zaidi, angeona utepe wenye sehemu ya njano iliyo katikati ya sehemu mbili za hudhurungi zinazofanana. Kwa katuni hii, kuchanganya hizo mbili ni kuchanganya mtoto mzima na mtoto anayehitaji kupelekwa kituoni.

Tulichofanya ni kuzipanga rangi kwa ngazi za mwanga badala ya kuzitegemea kwa majina yake. Njano ikawa `#FFF176`, ambayo ndiyo nyepesi kuliko zote. Kijani ikawa `#3C9A40`, ya kati. Na nyekundu ikawa `#7A0000`, iliyokoza sana. Kati ya njano na kijani uwiano ukafika takriban 3.1:1, na kati ya kijani na nyekundu takriban 3.2:1. Hesabu hizo hazina nafasi kubwa ya kuchezea: ukiipandisha kijani kidogo inaisogelea njano, ukiishusha inaisogelea nyekundu. Kwa hiyo mpaka rangi kwenye timu asiruhusiwe kuongeza kivuli au mwanga wa jua juu ya utepe bila kupima upya, kwani kivuli kizuri cha jioni kinaweza kuiteremsha njano yote. Maandishi juu ya njano na kijani yawe meusi, na juu ya nyekundu yawe meupe. Ungeweza kushawishika kuweka nyeupe juu ya hiyo kijani mpya kwa kuwa inapendeza, lakini inatoa takriban 3.6:1, ambayo haitoshi kwa herufi ndogo.

Hata hivyo ngazi za mwanga pekee hazitoshi, kwa sababu zinamwambia mtazamaji kwamba sehemu zinatofautiana bila kumwambia ipi ni ipi. Kila sehemu ikapewa namba ya mpaka wake, pamoja na umbo lake kubwa: duara kwenye kijani, pembetatu kwenye njano, mraba kwenye nyekundu. Mchoraji alipendekeza mistari ya mshazari badala ya maumbo, na nilikataa kwa sababu ambayo wengi hawaifahamu. Mistari iliyopangwa kwa utaratibu, yenye giza na mwanga vinavyopokezana, inaweza kumdhuru mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga hata kama haimweki, na miongozo ya utangazaji huanza kuitilia shaka inapozidi jozi tano ikiwa imetawala sehemu kubwa ya skrini. Utepe unaosogezwa karibu mpaka ujaze skrini ungetupeleka huko moja kwa moja. Nyekundu iliyokoza nayo ina kasoro yake: kwa wale ambao macho yao hayapokei vizuri mwanga mwekundu, huonekana karibu na nyeusi, hivyo mstari mweusi wa kuizunguka hupotea. Tulitumia mstari mweupe. Na kwa kuwa utepe halisi anaoushika mhudumu una nyekundu ya kung'aa, tuliweka tukio moja lenye picha ya utepe halisi, likiwa na majina ya rangi yaliyoandikwa, ili katuni isimfundishe mtu kutafuta rangi ambayo mkononi mwake haipo.

Kuhakiki si kazi ngumu. Kwenye GIMP, fungua `View > Display Filters` kisha uchague `Color Deficient Vision`. Kwa katuni inayochezwa ndani ya Chrome, kidirisha cha `Rendering` kina sehemu ya `Emulate vision deficiencies`. Mimi kwanza huibadilisha fremu kuwa ya kijivu tupu na kuuliza alama ya kusomea kipimo kwenye utepe imeangukia wapi. Fremu ikishindwa hapo, hakuna haja ya kuendelea na vipimo vingine.

Sasa mimweko. Mteja alitaka alama ikiangukia nyekundu, skrini imweke nyekundu na nyeupe kwa sekunde mbili ili mtu ashtuke. Rasimu ilikuwa na fremu tatu nyekundu, fremu tatu nyeupe, na kuendelea hivyo, kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde. Mmweko huhesabiwa kwa kwenda na kurudi, kwa hiyo mzunguko mmoja ulikuwa fremu sita, na 25 ukigawa kwa 6 unapata zaidi ya mimweko minne kwa sekunde. WCAG inaweka kikomo cha mimweko mitatu ndani ya sekunde yoyote moja, na sekunde hiyo inaweza kuanzia fremu yoyote. Usihesabu kwa kufuata saa ya video pekee. Nyekundu kali inahesabiwa kwa ukali zaidi, kwa sababu inaweza kuwa mmweko wa hatari hata pale mng'ao wake unapobadilika kidogo tu. Tarehe 16 Desemba 1997 nchini Japani, katuni ya televisheni iliyokuwa na tukio la nyekundu na buluu zikipokezana takriban mara 12 kwa sekunde ilisababisha watoto zaidi ya 600 kupelekwa hospitali. Wengi wao hawakuwa wakijulikana kuwa na kifafa chochote, na ndiyo maana onyo la maandishi mwanzoni mwa video silihesabu kuwa kinga: mtu asiyejua hali yake hawezi kulitii.

Ipo nafuu kwa mimweko inayochukua eneo dogo la uwanja wa kuona, lakini siitumii. Eneo lililo dogo kwenye televisheni ya ukutani si dogo kwa mtoto aliyeishika simu karibu na uso, au kwa mtu wa mstari wa mbele siku video itakapotupwa ukutani kwa projekta. Vilevile wako wanaotazama kwa kasi maradufu, na hapo mimweko miwili kwa sekunde inakuwa minne. Kanuni yangu ya kazini ni kwamba nyekundu haimweki kabisa, na rangi nyingine hazizidi mmweko mmoja kwa sekunde. Badala ya mmweko, mandhari yote yalififia mara moja na kubaki hivyo, huku mstari mweupe wa mraba ukinenepa taratibu kwa fremu 12. Badiliko la kwenda bila kurudi si mmweko. Mteja alilinganisha matoleo mawili na akakiri kuwa la pili linamwonyesha vizuri zaidi pa kutazama, kwa sababu skrini inayomweka yote haielekezi jicho popote. Toleo la mwisho nililipitisha kwenye PEAT, programu ya bure ya Trace Center ya Chuo Kikuu cha Maryland. Vituo vya televisheni huwa na vipimo vyao, na kazi ya kurushwa hewani ifuate hivyo.

Manukuu ndiyo yaliyobadilisha muda wa katuni yenyewe. Viwango vingi vinavyotajwa vinahesabu maneno kwa dakika, navyo vilitungwa kwa Kiingereza. Neno letu moja kama "hawatampeleka" hubeba sentensi nzima, kwa hiyo mimi nahesabu herufi pamoja na nafasi, na kwa hadhira mchanganyiko nalenga herufi 15 kwa sekunde, mistari isiyozidi miwili, na kila mstari usiozidi herufi 42. Msimulizi alisema kwa sekunde nne: "Ukiona alama imeangukia kwenye sehemu nyekundu, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo." Hizo ni herufi 91, karibu 23 kwa sekunde. Sikio lilizifuata bila shida, ila msomaji wa polepole angekosa maneno ya mwisho, ambayo ndiyo agizo lenyewe. Kwa kuwa hii ni katuni na si filamu ya watu halisi, tuliongeza muda wa tukio na kumwomba msimulizi apumzike kati ya vishazi viwili:

```
7
00:00:31,000 --> 00:00:34,200
Ukiona alama imeangukia
kwenye sehemu nyekundu,

8
00:00:34,280 --> 00:00:37,280
mpeleke mtoto kituo cha afya
siku hiyohiyo.
```

Pengo la milisekunde 80 ni fremu mbili, na humwezesha msomaji kutambua kwamba maandishi yamebadilika. Mstari ukatwe mahali ambapo msemaji angevuta pumzi. Usiache "cha" mwishoni mwa mstari na "afya" chini yake. Sauti zinazobeba maana, kama kilio cha mtoto, ziandikwe ndani ya mabano ya mraba. Herufi ziwe nyeupe juu ya kisanduku cheusi chenye uzito wa asilimia 80, maana hata mandhari ya nyuma yakiwa meupe kabisa uwiano unabaki zaidi ya 12:1, jambo ambalo kivuli chembamba cha herufi hakiwezi kuhakikisha. Nafasi ya kisanduku hicho itengwe tangu mchoro wa kwanza, la sivyo kitaufunika mkono wa mtoto na utepe wenyewe.

Mwishoni tulitoa nakala mbili. Ya YouTube ilikuwa na faili la manukuu la SRT kando, ili mtazamaji aweze kukuza herufi au kuyazima manukuu. Ya WhatsApp ilikuwa na manukuu yaliyochomwa ndani ya picha, kwa sababu huko faili la kando halisafiri na video. Nakala hiyo ya pili ndiyo ya kukaguliwa ikiwa tayari imetumwa na kupokelewa kwenye simu ya bei nafuu, kwani kubanwa kwa video hutia ukungu kwenye herufi nyembamba, na ilitulazimu kuchagua mwandiko mnene zaidi kuliko ule tuliouona kuwa mzuri kwenye kompyuta.