Fomu zote "mafunzo safi", dukani mambo yaleyale

Swali: Kaka habari, nina duka la vifaa vya ujenzi Tabora mjini na dogo Urambo. Mwezi wa 5 nililipia wauzaji 6 wa mjini kozi ya siku 2 ya huduma kwa wateja. Fomu zote zinasifia, mauzo yametoka milioni 20 hadi 26 mwezi wa 6 (Urambo 8 hadi 10.4), ila malalamiko yapo palepale. Kozi imefanya kazi au nimeliwa?

Jibu: Salama mkuu. Fomu ziweke pembeni kwanza, zinakwambia tu watu walifurahi, na nani asifurahi kutolewa dukani siku 2 anakula wali kuku wa bosi? Mmarekani Donald Kirkpatrick alishaliandika hili tangu 1959, akapanga ngazi 4: waliipokeaje kozi, walijifunza nini, wanafanya nini kazini, halafu biashara imepata nini. Wewe umeruka toka ya 1 hadi ya 4, za katikati hujazigusa.

Na hiyo milioni 26 isikudanganye. Angalia Urambo, hakuna aliyefundishwa na wamepanda asilimia 30 vilevile kama mjini, maana ni msimu wa hela ya tumbaku, mkulima akilipwa anakuja kununua bati hata muuzaji akinuna. Kwa hesabu hiyo kozi bado haijaonekana kwenye mauzo.

Ngazi ya 2 ni rahisi, mpe muuzaji mfano, mteja karudisha koki inayovuja na ana hasira, muone anavyomjibu. Ungefanya kabla na baada ya kozi ingekuwa bora zaidi, ila hata sasa itakuonyesha kama anajua la kufanya.

Shida mara nyingi iko ngazi ya 3. Chagua vitendo vitatu tu vinavyoonekana kwa macho, mfano anasalimia kabla ya kuulizwa bei, anauliza unajenga nini kabla ya kuuza, anampigia mteja mzigo ukifika. Kisha tuma mtu wasiyemjua aje kama mteja, mara 5 hivi siku tofauti, akitoka nje ndo aandike ndiyo au hapana. Mimi niliwahi kufanya hivyo kwenye duka moja, salamu zilikuwepo, ila wateja walikuwa hawapigiwi kabisa, nikadhani ni uvivu, kumbe simu ya duka haina salio na bosi hataki kusikia habari ya vocha! Wale walifaulu ngazi ya 2 vizuri tu, kazini ndo palikuwa pamewabana, na kozi haiweki vocha.

Urambo hawajafundishwa bado, hiyo ndo bahati yako. Kabla hujawapeleka, kwa wiki 2 waandike kwenye daftari kila anayeulizia bei na kila anayenunua. Tuseme kati ya 50 wananunua 20. Wafundishe, subiri mwezi mmoja na nusu hivi, hesabu tena, na mjini hesabu wiki hizohizo ili msimu usikuchanganye. Ila daftari ashike mtu mwingine, muuzaji akijihesabia mwenyewe kila mteja atakuwa kanunua.