ZN/p na utando wa mafuta kwenye bushi

"Wakuu, hii ZN/p inanisaidia nini? Si niweke tu mafuta mazito?"

Mkuu, inakuonyesha kama shafti inaelea kwenye utando wa mafuta au inagusa bushi. Chukua Z, yaani mnato wa mafuta, 0.02 Pa·s, N, yaani mizunguko, 25 kwa sekunde, na p, yaani shinikizo kwenye bushi, 1 MPa: Z mara N gawanya kwa p unapata 5×10⁻⁷. Tuseme msuguano wa bushi hii huwa mdogo kabisa kwenye 1.5×10⁻⁷. Juu ya hapo, mafuta yakipata moto mnato hushuka, msuguano nao hupungua, joto linajidhibiti lenyewe. Chini ya hapo utando huanza kukatika: joto huongeza msuguano, msuguano huongeza joto, mpaka bushi inakwama. Ndiyo maana wasanifu wengi huweka ZN/p iwe mara 3 hivi ya kiwango hicho. Mafuta mazito hupandisha namba, lakini na msuguano pia. Tena wakati wa kuwasha N ni sifuri. Hapo vyuma hugusana tu.